Kamera imeibiwa safarini, bima inalipa yote?

"Nina bima ya safari, begi limeibiwa na kamera ndani, watanilipa bei yote?"

Sidhani ndugu, usiangalie ile jumla kubwa ya bima ya mizigo, angalia kikomo cha kitu kimoja, yaani kiasi cha juu wanacholipa kwa kila kitu. Tuseme kamera ni 1,000, kikomo 300, na 50 ya kwanza unabeba mwenyewe, hapo mara nyingi unatoka na 250 tu, na lenzi iliyofungwa juu yake kampuni nyingi za bima zinaihesabu humohumo kama kitu kimoja. Ripoti ya polisi ulichukua? Wengi wanaitaka ndani ya saa 24. Na kama begi uliliacha kwenye kiti ukaenda chooni, aisee hapo wanakataa kabisa.

– Mimi langu lilipotelea kwenye ndege, ni hivyohivyo?

Hiyo kesi nyingine, anza na shirika la ndege.