Kamaria: ni mwezi au ni kamari?

"Tovuti ya majina inasema Kamaria ni Kiswahili, maana yake 'kama mwezi'. Mama mkwe anasema ni kamari. Nimwamini nani?"

Dada, tovuti imefika kwenye mwezi kwa njia isiyo yake. "Kama" yetu haimo kabisa katika jina hilo. Kiarabu kina kamar, mwezi, na kamariya ni "ya mwezi". Kamari ya kuchezea pesa nayo ni ya Kiarabu, lakini imetoka kimar, neno jingine lenye konsonanti zilezile. Kwa hiyo mama mkwe amekosea asili, ila sikio lake usilidharau: Mswahili akisikia Kamaria huenda akawaza kamari kwanza. Hilo mtaamua wenyewe nyumbani.

Tovuti hiyo ipime kwa jina Aisha. Wengi huandika "Kiswahili: maisha" wakaishia hapo. Aisha ni Kiarabu, "aliye hai", na kuishi na maisha yetu yametoka mzizi huohuo. Undugu upo, ila jina halikuzaliwa na neno letu. Ikiwa tovuti haisemi jina limepita lugha gani, fungua kamusi inayoonyesha asili ya maneno kabla hujaandikisha cheti.