Alama zako hazikuridhishi? Piga hesabu kabla ya kulipia uhakiki

Matokeo ya mtihani wa kujiunga na chuo yakitoka chini ya ulivyotarajia, hatua ya kwanza si kuandika malalamiko. Fungua tangazo la matokeo uone ni aina gani ya uhakiki inaruhusiwa, na mwisho wa kuomba ni lini. Dirisha hilo huwa fupi, na likifungwa hata mwenye haki huambulia patupu.

Aina zenyewe hutofautiana sana. Kuna kuhakiki hesabu tu: wanaangalia kama kila jibu lilipewa alama, kama kijitabu cha ziada hakikuachwa, na kama jumla iliyo ndani ndiyo iliyoandikwa juu ya jalada. Hapo hakuna anayesoma upya insha yako. Kuna kusahihishwa upya, ambako msahihishaji mwingine anapitia majibu kwa mwongozo uleule. Na kuna kupinga jibu rasmi lenyewe, pale unapoamini kwamba swali lilikosewa. Ukiomba ya kwanza huku tatizo lako ni la pili, utajibiwa "hakuna mabadiliko", nao watakuwa sahihi kabisa.

Mdogo wangu alifanya mtihani wa kuchagua majibu, ule wa kuweka kivuli kwenye viduara na kusomwa na mashine. Maswali 90; jibu sahihi alama 4, jibu baya linakatwa alama 1, ukiacha wazi hupati wala hupotezi. Alipewa 195. Alikuwa anataka kuomba uhakiki siku hiyohiyo, nikamwambia tulia kwanza. Tukapakua picha ya fomu yake ya majibu na majibu rasmi ya toleo la karatasi aliyofanya. Hilo la toleo usilipuuze: maswali hupangwa tofauti kwa kila toleo, na ukilinganisha na toleo la mwenzako utajiona umeonewa karibu kila swali.

Tulipata sahihi 58, mabaya 22, wazi 10. Yaani 232 kutoa 22, ni 210. Pengo lilikuwa alama 15, na pengo lina habari zake. Swali sahihi likisomwa kama limeachwa wazi, unapoteza 4. Likisomwa kama baya, unapoteza 5, kwa sababu unakosa zile 4 na kukatwa 1 juu yake. Kumi na tano haigawanyiki kwa 4, ila kwa 5 inatoa 3 kamili. Basi tukatafuta maswali matatu yaliyogeuzwa kuwa mabaya, na tukayaona tulipokuza picha: sehemu tatu alizofuta kiduara kimoja na kujaza kingine. Ufutio ulikuwa umeacha weusi, na mashine ilihesabu majibu mawili.

Ombi lake halikuwa na neno "naonewa" hata moja. Aliandika: "Naomba maswali ya 17, 41 na 63 yaangaliwe kwa macho. Katika kila moja kuna kiduara kilichofutwa na kimoja kilichojazwa kikamilifu. Kwa hesabu yangu jumla ni 210, si 195." Akaambatisha picha na kutunza risiti ya malipo.

Walikubali mawili. La tatu walikataa kwa kuwa alama iliyofutwa ilikuwa bado nzito, na kanuni za mtihani zilisema wazi kwamba viduara viwili ni jibu baya. Akapanda hadi 205. Mimi naona walitenda haki, ingawa yeye hadi leo hakubali.

Kwa insha mambo ni magumu zaidi. Msahihishaji wa pili hatafuti alama ambayo yeye angetoa. Kwa kawaida anatafuta kosa dhidi ya mwongozo, na tofauti ndogo ya mtazamo huachwa ilivyo. Soma pia kama alama zinaweza kushuka. Baadhi ya mitihani alama mpya ndiyo ya mwisho, hata ikiwa pungufu, na huwezi kurudi kwenye ya zamani. Ada ya uhakiki nayo hurudishwa kwingine alama zikibadilika, kwingine hairudi kamwe.

Ukishinda katika kupinga jibu rasmi, usishangilie haraka. Swali likifutwa, au wote wakipewa alama zake, wenzako wanapanda pamoja nawe, na nafasi yako kwenye orodha inaweza kubaki palepale.

Jambo moja la kufanya wakati unasubiri: iandikie ofisi ya udahili kwamba matokeo yako yako kwenye uhakiki, na uulize watafanyaje yakibadilika baada ya awamu ya kwanza kujaa. Mdogo wangu alijibiwa kwamba nafasi iliyokwisha kutolewa hainyang'anywi mtu, kwa hiyo alama zake mpya zingetumika awamu ya pili. Wakati huo hakuwa amekataa nafasi ya chuo kingine aliyokuwa nayo mkononi, na mpaka majibu ya awamu ya pili yanatoka aliendelea kuishikilia.