Wimbo wa kaseti ya Kifaransa ambao masikio yangu yaliuandika vibaya

Kwa miaka mingi nilikuwa na kipande kimoja tu kichwani: "Iletetampeti navire, ki nave sha-sha-shame navige." Tulikiimba darasani tukifuata kaseti, tulipokuwa tunaanza Kifaransa. Kitabu kilipotea, kaseti ilibaki na mwalimu, na mimi nikabaki na hayo maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyaandika mtandaoni kama nilivyoyakumbuka. Hayakuleta kitu, maana yale hayakuwa maneno ya Kifaransa. Yalikuwa Kifaransa kilichopita kwenye masikio ya Mswahili. Kwa hiyo kabla hujatafuta, jiulize sikio lako lilibadilisha nini. Kiswahili hakina ile sauti ya "j" ya Kifaransa, nasi huipokea kama "sh". "Un" inayotamkiwa puani tunaifanya "am" au "an". Na mwanafunzi mchanga hajui neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, ndiyo maana maneno manne yangu yaligandana kuwa moja.

La pili, usishike mstari mzima. Shika mahali palipo pa ajabu. Kwangu ilikuwa ile kigugumizi, "sha-sha-shame", kwa sababu mtu hakumbuki vibaya kitu kilichorudiwa mara tatu. Nikageuza "sh" kuwa "j", nikakisia kwamba "shame" ni "jamais", yaani "kamwe", nikaandika hivi, alama za kunukuu zikiwemo:

```
"ja-ja-jamais" chanson
```

Jibu likaja palepale: "Il était un petit navire", wimbo wa jadi wa Kifaransa kuhusu merikebu ndogo ambayo haijawahi kusafiri baharini. Kila ubeti una kigugumizi chake. Wa pili una "Mé-Mé-Méditerranée", na rafiki yangu tuliyesoma naye alikuwa akikumbuka hicho tu, "meme meditera", akidhani ni wimbo mwingine kabisa. Ukiweza, waulize wenzako wa darasa lile kabla hujawaambia unachokumbuka wewe. Ukitangulia kuwaimbia, watakuimbia kosa lako.

Kisha nikastuka. Katika wimbo niliousikiliza, chakula kinawaishia mabaharia baada ya wiki tano au sita, wanapiga kura ya vijiti kuamua nani aliwe, na kura inamwangukia mdogo wao! Sisi hatukuimba hayo. Nikadhani nimekosea wimbo. Lakini watunzi wa vitabu vya shule hukata beti, hurahisisha maneno, hata kubadilisha mwisho. Tofauti ya namna hiyo isikukatishe tamaa. Linganisha tuni na ubeti wa kwanza.

Kama huna neno hata moja, tangu 2020 programu ya Google inaweza kuutambua wimbo ukiuvumisha tu, bila maneno, kwa sekunde 10 hadi 15. Inafaa kwa nyimbo za jadi zilizorekodiwa na wengi. Lakini zipo nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya kitabu tu, nazo utazijua: zinataja siku zote za wiki, au nguo, au zinarudia kitenzi kimoja kwa nafsi zote, yaani somo lenyewe limetiwa tuni. Hizo usipoteze muda kuzivumisha. Tafuta kitabu.

Na kitabu hupatikana kwa vitu ambavyo mtu haoni kama ni vya maana: majina ya wahusika wa mazungumzo, rangi ya jalada, mchoro wa sura ya kwanza. Ukishapata jina lake, liingize kwenye WorldCat, ambayo ni katalogi ya maktaba nyingi za dunia. Usiishie kwenye kitabu cha mwanafunzi. Kaseti mara nyingi huorodheshwa peke yake, kama kitu kingine kabisa, na maneno ya wimbo huchapishwa kwenye kitabu cha mwalimu ambacho wanafunzi hawakukiona.

Mimi nilitaka ile sauti yenyewe, si wimbo tu, na hapo ndipo palipochukua muda. Nilimpata muuzaji wa vitu vya zamani mwenye kaseti yenye jina la kitabu chetu. Nilimwomba kwanza anipigie picha karatasi ya ndani ya kasha, kwa sababu kitabu kimoja kinaweza kuwa na kaseti tatu au nne na wimbo uko kwenye moja tu. Karatasi ilitaja namba za masomo, na somo letu lilikuwa upande wa pili.

Ni beti mbili tu. Njaa haijaanza. Mwanamume anatuambia turudie, kisha kinafuata kimya kirefu tulichoachiwa sisi tujaze.