Barua kwa mwanangu: usaili umegongana na mtihani

*Shikamoo mama. Nimeitwa usaili wa msaidizi wa mhasibu, Jumatano saa tatu asubuhi, ofisi ziko Posta. Saa hiyohiyo nina mtihani wa mwisho chuoni, unaisha saa sita. Nikiomba wabadilishe muda si wataniona sina shida na kazi? Niwajibu vipi?*

Marahaba mwanangu,

Mtihani wako uache palepale ulipo. Kinachoweza kusogezwa ni usaili, na ukijua jinsi siku ya usaili inavyopangwa utaona ni kitu kidogo kuliko unavyokiogopa.

Miaka niliyokaa utumishi, kazi iliyonitoa jasho haikuwa kuwaita wasailiwa. Ilikuwa kuwakusanya wasaili. Jopo la watu watatu au wanne, mmoja mkuu wa idara, mmoja katoka tawi jingine, mmoja mhasibu mkuu ambaye akifunga mlango wake hafungui, hao kuwapata siku moja katika chumba kimoja ni kazi ya wiki mbili. Wakishapatikana, wanawekewa wasailiwa sita au saba kuanzia asubuhi hadi jioni, kila mtu na nusu saa au dakika 45 zake. Kwa hiyo anayeniomba siku nyingine ananiomba niliite jopo upya kwa ajili yake peke yake. Anayeniomba saa nyingine ndani ya siku ileile ananiomba nipige simu moja kwa msailiwa wa mchana: "Unaweza kuja asubuhi?" Mara nyingi anaweza.

Basi wewe omba mchana wa Jumatano hiyohiyo kwanza. Alhamisi iweke nyuma yake, kama akiba.

Ila piga hesabu kabla hujaandika. Mtihani unaisha saa sita, lakini karatasi zinakusanywa, zinahesabiwa, mnaruhusiwa kutoka. Halafu kuna foleni ya mwendokasi pale Ubungo, na safari yenyewe hadi Posta. Ukiandika kwamba uko tayari saa saba, utaingia mbele ya jopo shati limekushika mgongoni. Andika kuanzia saa nane. Kuomba kubadilishiwa muda mara moja kunaeleweka. Kubadilishiwa halafu ukachelewa, hilo mimi mwenyewe nilikuwa silisamehi.

Jibu leo, maana leo ni Ijumaa na Jumatatu watakuwa wanapanga chumba. Usifungue barua pepe mpya. Bonyeza Reply kwenye ileile waliyokutumia, kichwa chake kibaki kama kilivyo, ili aliyeipokea aone tarehe, nafasi na jina lako bila kutafuta. Kama waliweka watu wengine kwenye nakala, bonyeza Reply all, kwa sababu anayeshika ratiba huenda ni katibu muhtasi aliyewekwa kwenye nakala, siyo aliyesaini. Kama wamekuandikia kwa Kiswahili, basi jibu kwa Kiswahili, namna hii:

> Ndugu Afisa Rasilimali Watu,
>
> Nashukuru kwa kunialika kwenye usaili wa nafasi ya Msaidizi wa Mhasibu, Jumatano saa 3:00 asubuhi. Bado naihitaji nafasi hii na ningependa kusailiwa.
>
> Saa hiyo nitakuwa kwenye mtihani wangu wa mwisho chuoni, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana. Ratiba imepangwa na chuo na nimeiambatisha. Naomba, ikiwezekana, nisailiwe siku hiyohiyo, saa 8:00 mchana (14:00) au baada ya hapo. Kama mchana umejaa, Alhamisi nina nafasi siku nzima.
>
> Samahani kwa usumbufu. Napatikana kwa simu hii wakati wowote kabla ya Jumatano asubuhi.

Chini weka jina kamili na namba ya simu. Yale ya "wako katika ujenzi wa taifa" tuachie sisi wazee.

Angalia hiyo 14:00 niliyoiweka kwenye mabano, usiifute. Ofisi moja niliyofanya kazi, katibu wetu aliandika "saa 8:00" kwenye barua za mwaliko bila kusema ya asubuhi wala ya mchana. Nusu ya wasailiwa walifika saa mbili asubuhi, wakakaa kwenye benchi mpaka wakasinzia. Wengine wakaja saa nane mchana, wamependeza. Wote walikuwa sahihi. Tangu hapo nikiona saa imeandikwa peke yake moyo unanidunda.

Na ona kwamba sababu imeelezwa kwa sentensi moja, ikatajwa kwa jina lake. Kuna kijana alituandikia kwamba "amepata dharura" na anaomba apangiwe siku nyingine, basi. Dharura gani, siku gani, hakusema. Nikamwandikia kumuuliza lini anaweza, akajibu kesho yake jioni, na kufikia hapo jopo lilishatawanyika. Sikumkata mimi, barua yake ndiyo iliyomkata. Mtihani ni sababu ambayo hakuna msaili atakayebishana nayo, hasa ukiambatisha ratiba. Wala usijieleze kwa aya tatu. Maelezo yakizidi yanaanza kunuka uongo hata yakiwa kweli.

Utashawishika kumalizia na "isipowezekana nitakuja muda uleule mliopanga." Wengi huandika hivyo kwa adabu. Usiandike, kwa sababu hutakwenda, na mtu mwenye haraka ataishika sentensi hiyo, akujibu "basi njoo saa tatu," na hapo umejifunga mwenyewe.

Ukishatuma, usidhani kimya chao ni ndiyo. Mpaka wajibu, saa yako kwenye karatasi yao bado ni saa tatu, na usipotokea wataandika "hakufika" mbele ya jina lako. Jumatatu ikifika saa nne asubuhi bila jibu, piga simu, sema jina lako, nafasi unayoomba, na kwamba ulituma ombi Ijumaa. Wakikukubalia kwa mdomo, andika mstari mmoja kwenye barua pepe ileile: "Nashukuru, nathibitisha nitafika Jumatano saa 8:00 mchana." Anayepokea simu huenda siye anayekaa mlangoni na orodha siku ya usaili.

Wanaweza kukataa, mwanangu. Ofisi ndogo yenye wasailiwa wawili watatu inaweza kuwa imepata jopo asubuhi tu. Na kama huu ungekuwa mchujo wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira, ambapo watu wengi wanafanya mtihani mmoja kwa wakati mmoja, nisingekuambia uwaandikie. Ningekutuma kwa mratibu wa mitihani chuoni kwako. Huu wa kwako ni wa ana kwa ana katika kampuni, kwa hiyo mlango upo.

Kuhusu kuonekana huna shida na kazi: huyo afisa kila awamu anapata watu wasiojibu kabisa na wasiotokea. Aliyeandika siku tano kabla, akataja saa anazoweza, amempunguzia kazi.

Vyeti halisi na kitambulisho vibebe asubuhi hiyohiyo unapokwenda kwenye mtihani, maana hutapata muda wa kurudi hosteli. Na simu ukiizima mlangoni mwa chumba cha mtihani, iwashe mara tu ukitoka, kabla hujaanza kulinganisha majibu na wenzako.

Mama