Swali lina kasoro na mashine imeshawashwa

Ijumaa, saa kumi na robo alasiri, katika shule moja ya msingi mjini Moshi, mtihani wa Hisabati wa darasa la sita ulikuwa tayari kwenye mashine ya kudurufu. Watoto 176, mikondo minne, maswali 40, kurasa nne: kila mtoto karatasi mbili zilizochapwa mbele na nyuma. Karatasi ya kwanza ilikuwa imeshatoka yote. Madamu aliyetunga mtihani alisimama dirishani akiupitia ukurasa wa tatu kwa mara ya mwisho, akaganda kwenye swali la 27:

"Bustani ya mboga ina umbo la pembetatu yenye pande za urefu wa mita 7, mita 8 na mita 16. Tafuta mzingo wake."

Majibu ya kuchagua yalikuwa 15, 23, 24, 31 na 56. Jibu sahihi kwenye mwongozo: D, mita 31.

"Madamu, niendelee?" karani akauliza.

"Subiri kidogo."

Akachukua rula na bikari. Akachora mstari wa sentimita 16. Ncha ya kushoto akazungusha tao la sentimita 7, ncha ya kulia tao la sentimita 8. Matao hayakukutana. Katikati ya mstari ilibaki nafasi ya sentimita moja nzima. Bustani hiyo haipo duniani: pande mbili fupi zikijumlishwa ni 15, na upande mrefu ni 16. Ili pembetatu ijifunge, jumla ya pande mbili fupi lazima izidi ule mrefu.

Kasoro ya namna hii hupita mikononi mwa watu watatu bila kuonekana, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni mchoro. Kwenye ukurasa ule palikuwa na pembetatu safi kabisa iliyoandikwa 7, 8 na 16 pembeni, kwa sababu kompyuta huchora umbo lolote na wewe ukabandika namba utakazo. Ya pili ni mwongozo. Mwalimu aliyehakiki alipewa maswali pamoja na majibu, akajumlisha 7, 8 na 16, akapata 31, akaweka alama ya vema. Alihakiki hesabu, hakuhakiki swali. Ndiyo maana mhakiki apewe karatasi tupu, aifanye kama mtoto, na penye umbo achore kwa vipimo vilivyotajwa. Mwongozo aletewe baadaye.

Kuna walimu watakaosema liachwe tu, mtoto atajumlisha na kupata. Sikubaliani nao. Mtoto anayejua pembetatu vizuri ndiye atakayekwama, atapoteza dakika tano akichora pembeni, na atatoka pale akidhani yeye ndiye hajui. Tena mitihani ya shule haifi: mwakani hilo hilo swali litakuwa zoezi la marudio.

Basi turekebishe, lakini kwa kugusa vitu vichache iwezekanavyo, maana haraka ndiyo inayozaa kosa la pili. Chaguo la kwanza ni kubadili 16 iwe 14. Saba na nane ni 15, inazidi 14, pembetatu inajifunga, na mzingo unakuwa 29. Chaguo la pili ni kubadili namba mbili kuwa 7, 10 na 14, ambazo jumla yake inabaki 31, kwa hiyo mwongozo hauguswi. La pili linavutia kama mwongozo umeshagawiwa kwa wasahihishaji. Hapa ulikuwa bado mezani kwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo Madamu akachagua la kwanza: namba moja tu.

Namba moja, ila ina ndugu zake. Majibu yasiyo sahihi hayakuwekwa ovyo. 15 ni la mtoto aliyejumlisha 7 na 8 akasahau upande wa tatu, 23 ni 7 na 16, 24 ni 8 na 16, na 56 ni la aliyezidisha 7 kwa 8. Ukibadili 16 kuwa 14, ya kwanza na ya mwisho yanabaki, lakini 23 lazima iwe 21, 24 iwe 22, na 31 iwe 29. Ukibadili jibu sahihi peke yake, swali litakuwa halali lakini mitego miwili itakuwa imekufa, na hutajua tena ni kosa gani mtoto alilofanya.

Kisha mchoro. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: maandishi yanasema 14, pembeni mwa umbo bado imeandikwa 16, na sasa una swali bovu kuliko la mwanzo. Namba ya kwenye mchoro mara nyingi ipo ndani ya kisanduku chake, kwa hiyo ukiiambia kompyuta itafute 16 na kuibadili, inaweza isiiguse. Ifuate kwa macho. Usibadili kwa mkupuo hati nzima pia, maana 16 ya swali la 9 haina kosa lolote.

Kisha swali linalofuata. La 28 lilisema bustani hiyo inazungushiwa waya mara 3, na jibu lake lilikuwa 93. Sasa ni 87. Majibu ya mitego 62 na 124, yaliyotokana na mizunguko miwili na minne, yakawa 58 na 116. Madamu alikumbuka kwa sababu alipitisha kidole kutoka 27 hadi mwisho wa mtihani akitafuta neno "hiyo" na neno "hilo". Maneno hayo ndiyo yanayoonyesha swali linaloegemea jingine.

Hati ikahifadhiwa kwa jina jipya, ya zamani ikafutwa kwenye flashi ili isije ikachapwa kwa bahati mbaya, na ikageuzwa kuwa PDF kabla ya kupelekwa kwenye kompyuta ya ofisini. Ukiifungua hati ya kawaida kwenye mashine yenye aina tofauti za herufi, mchoro huhama na majibu ya kuchagua hurukia ukurasa unaofuata. Zikatolewa nakala mbili tu. Moja akapewa mwalimu wa Sayansi aliyekuwa akisahihisha madaftari, bila majibu, afanye maswali yale mawili. Akapata 29 na 87. Nyingine ikalinganishwa na mwongozo mpya. Hapo karani akaruhusiwa kuendelea. Jumla dakika kumi na nane, na karatasi zilizopotea hazikufika tano.

Ingekuwa karatasi ya pili nayo imeshatoka, isingefaa kusahihisha kwa kalamu nakala 176, kwa kuwa chache zitarukwa tu. Lililo bora ni masahihisho yaandikwe ubaoni kwa maneno yale yale katika vyumba vyote vinne kabla mtihani haujaanza, majibu mapya ya kuchagua yakiwemo. Msimamizi asitangaze kwa mdomo peke yake, kwa sababu aliyechelewa hatasikia.

Na kama kasoro imegunduliwa wakati wa kusahihisha, liondoe swali kwa wote, usahihishe kwa 39. Kumpa kila mtoto alama ya bure hakulingani na hilo. Aliyepata 10 katika maswali 39 yaliyobaki ana asilimia 25.6, ukimwongezea ya bure anakuwa na 11 kwa 40, yaani 27.5. Aliyepata 36 anapanda kutoka 92.3 hadi 92.5 tu. La 28 nalo litolewe, kwa kuwa bustani yake ni ile ile isiyokuwepo, na hapo unasahihisha kwa 38.