Ruhusa moja ya ziada bila kunakili profaili

"Mtumiaji mmoja wa mauzo anahitaji kupakua ripoti kwenye Salesforce. Je, ninakili profaili nzima kwa ajili yake?"

Hapana, ndugu, usiinakili. Kila mtumiaji hubeba profaili moja tu, lakini anaweza kupewa seti kadhaa za ruhusa juu yake, na ukinakili profaili, kila uga mpya utakaoongezwa baadaye itabidi uuruhusu mara mbili. Siku utakaposahau, mtu huyo mmoja hatauona uga ambao wenzake wanauona, na chanzo chake ni kigumu kukitambua.

Fungua Setup, kisha Permission Sets, ubonyeze New. Ipe seti jina la kazi, si la mtu, kwa mfano "Kupakua Ripoti", na mahali pa License uache `--None--` ili iweze kutolewa kwa watumiaji wa leseni tofauti. Ukishahifadhi, ingia System Permissions, bonyeza Edit, weka alama kwenye Export Reports, uhifadhi tena. Mwisho nenda Manage Assignments umwongeze mhusika. Ikiwa kazi yake ni ya muda, weka pia tarehe ya kukoma.

Akifungua ripoti upya, Export inapaswa kuonekana kwenye menyu. Kumbuka kwamba seti huongeza tu, haipunguzi: kama profaili ya mauzo tayari ina Export Reports, timu nzima inapakua, na ruhusa hiyo itabidi uiondoe kwenye profaili yenyewe. Saa za kuingia na mpangilio wa kurasa navyo hubaki huko.