Tarehe ya hataza si tarehe ya uvumbuzi

"Wasifu unasema Lewis Latimer alivumbua njia ya kutengeneza nyuzi za kaboni za taa mwaka 1882. Nithibitisheje?"

Ndugu, 1882 ni mwaka ilipotolewa hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Soma kichwa cha hataza ya Marekani namba 252,386: ilitolewa 17 Januari 1882, lakini ombi liliwasilishwa 19 Februari 1881. Kwa hiyo njia hiyo ilikuwepo tayari siku ombi lilipowasilishwa.

Hapohapo utaona haki zimekabidhiwa kampuni ya United States Electric Lighting. Ni dalili nzuri kwamba kampuni hiyo ilikuwa mwajiri wake, ila haitoshi, maana hata mvumbuzi asiyeajiriwa huuza haki zake. Tafuta daftari za mishahara na mihtasari ya vikao vya kampuni. Joseph Nichols, aliyetajwa pamoja na Latimer kwenye hataza nyingine, namba 247,097, ni mvumbuzi mwenza. Usimwandike mbia mpaka uone mkataba.